Nafsi Ikiuacha Mwili Kitandani: Simulizi za Wasafiri wa Usiku na Ushahidi wa Taaluma ya Usingizi

Utangulizi

Neno jinamizi limebeba maana mbili katika matumizi ya kila siku. Maana ya kwanza ni ndoto ya kutisha. Ya pili ni hali ya mtu kuzinduka usiku, macho yakiwa wazi na akili timamu, huku mwili umekataa kutikisika na kifua kimeelemewa na kitu kizito. Mswahili husema mtu huyo amekabwa na jinamizi. Makala haya yanajihusisha na maana hii ya pili, kwa kuwa ndiyo mlango ambao kwao watu wengi wameelezea tukio la ajabu zaidi, yaani kuhisi kwamba nafsi imechomoka mwilini, imeelea hewani na kuutazama mwili uliolala chini yake.

Tukio hilo litaitwa hapa tajriba ya kutoka mwilini. Wapo wanaoamini kwamba tajriba hiyo ni safari halisi inayoweza kufundishwa na kufanywa kwa hiari. Wao hudai kwamba binadamu ana mwili wa pili, mwepisi kuliko huu wa nyama na mifupa, ambao waandishi wa Ulaya na Marekani, hasa wafuasi wa Chama cha Theosofia kilichoundwa Niuyoki mwaka 1875, waliuita mwili wa nyota. Kwa upande mwingine, wachunguzi wa usingizi wameshuhudia tajriba kama hizo zikitokea katika maabara na wakazieleza kwa namna tofauti. Makala yanaanza na maelezo ya wasafiri wenyewe, kisha yanayaweka kando ya yale yanayojulikana kuhusu usingizi, na mwishowe yanachunguza jaribio moja lililonuiwa kuamua ni upande upi wenye haki.

Anachosimulia msafiri

Mmoja wa waandishi walioelezea safari hizi kwa utondoti mkubwa ni Mmarekani Sylvan Muldoon. Mwaka 1929, akishirikiana na mtafiti Hereward Carrington, alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hili. Kwa mujibu wa simulizi yake, safari ya kwanza ilimpata akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipokuwa amelala katika kambi ya waumini wa mizimu mjini Klintoni, jimbo la Aiowa. Alizinduka usiku bila kujua yuko wapi. Alijaribu kusogea akashindwa, kana kwamba amegandishwa kitandani. Kisha alihisi mwili mzima ukitetema, masikio yakajaa mvumo, na kisogo kikahisi kuvutwa kwa nguvu.

Baada ya hapo alijiona akipanda kuelekea darini akiwa bado amelala chali. Aliposimamishwa wima na nguvu asiyoifahamu, aligeuka na kuuona mwili wake ukiwa kitandani. Kati ya miili hiyo miwili palikuwa na kamba iliyonyumbuka kama mpira, ikiunganisha kichwa na kichwa. Alitaka kuufungua mlango, akajikuta amepita kati yake. Alijaribu kuwatikisa waliolala ili wamsaidie, lakini mikono yake ilipita ndani yao kama inayopita mvukeni. Hatimaye kamba ilimvuta, akarudi juu ya kitanda, akagandishwa tena, kisha akaangukia mwilini kwa mshtuko uliomwamsha.

Msomaji wa fasihi ataona kwamba simulizi hii ina muundo wa hatua zinazofuatana: kuzinduka, kuganda, kutetema na kusikia mvumo, kupaa, kujiona, na kurudi kwa mshtuko. Muundo huo unarudiwa na wasimulizi wengine ambao hawakutoka katika mazingira yake. Robert Monroe, mfanyabiashara wa redio nchini Marekani, alianza kupatwa na mitetemo kama hiyo mwaka 1958. Hofu yake ya kwanza haikuwa ya kiroho. Alidhani ana ugonjwa wa ubongo, akaenda kwa daktari. Kitabu alichokitoa mwaka 1971 kinaeleza mitetemo hiyo kuwa ishara kwamba wakati wa kutoka umefika, na kinamfundisha msomaji jinsi ya kuisubiri bila kuogopa. Hana kamba ya Muldoon kama nguzo kuu ya maelezo yake, lakini kuganda, kutetema na kuelea vimo.

Walimu wa safari hizi, hasa wa miongo ya karibuni, wana utaratibu mmoja unaojirudia mno. Mwanafunzi huagizwa alale kama kawaida, aamke baada ya saa nne hadi sita, akae macho kwa muda, kisha arudi kitandani na kulala chali. Aulegeze mwili wote lakini asiiache akili izame. Akihisi mitetemo au ganzi, asipambane nayo. Ajiwazie akibiringika au akipanda kutoka kitandani. Utaratibu huu unastahili kukumbukwa, kwani ndani yake mna ufunguo wa hoja inayofuata.

Usingizi na mwili uliofungwa

Usingizi wa binadamu si kitu kimoja. Kwa usiku mmoja mtu mzima hupitia mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko kuna vipindi vya usingizi mzito na kipindi ambacho mboni hucheza upesi chini ya kope. Kipindi hicho cha mwisho kitaitwa hapa usingizi wa ndoto, kwa sababu ndoto zilizo wazi na zenye visa hutokea humo zaidi, ingawa ndoto hazikosekani kabisa katika vipindi vingine. Mwanzoni mwa usiku usingizi wa ndoto huwa mfupi. Kadiri alfajiri inavyokaribia, ndivyo unavyorefuka.

Katika usingizi wa ndoto ubongo huwa na shughuli nyingi zinazokaribia zile za mtu aliye macho. Kama misuli ingetii amri zote zinazotolewa wakati huo, mwotaji angekimbia, angepiga na angeruka akiwa kitandani. Hilo huzuiwa na shina la ubongo, ambalo hutuma ishara za kuzinyamazisha neva zinazoendesha misuli. Macho hayafungwi, na msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu huendelea na kazi yake. Misuli mingine mingi hulegea kabisa.

Kwa kawaida fahamu na misuli hurudi pamoja mtu anapoamka. Mara nyingine fahamu hutangulia. Mtu hujua kuwa yuko chumbani mwake, huona dari na dirisha, lakini mwili ungali umefungwa na ndoto haijakatika. Hali hii wataalamu huiita kupooza usingizini. Hudumu kwa sekunde kadhaa au dakika chache, kisha hujifungua yenyewe. Katika muhtasari wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011, Brian Sharpless na Jacques Barber walikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya watu wote wamewahi kupatwa nayo angalau mara moja, ilhali miongoni mwa wanafunzi kiwango kilikaribia asilimia 28. Yamkini tofauti hiyo inahusiana na usingizi uliokatizwa na saa za kulala zisizo na mpango, mambo ambayo hakuna bweni lisiloyafahamu.

Dalili za jinamizi sasa zinaweza kuelezwa moja baada ya nyingine. Uzito kifuani hutokana na kwamba misuli ya mbavu imelegea. Mtu akijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi hushindwa, akadhani anakabwa, hali ya kuwa pumzi fupi inaendelea vizuri bila yeye kuiamuru. Kiumbe anayehisiwa kusimama karibu na kitanda ni maruweruwe yanayozalishwa na ubongo ulio katika tahadhari ya hali ya juu. Mtafiti wa Kanada, James Allan Cheyne, aliyekusanya maelezo ya watu wengi waliopatwa na hali hii, alizigawa tajriba zao katika makundi matatu: kuhisi mgeni chumbani, kuelemewa kifuani, na kuhisi mwili ukielea, ukizunguka, ukianguka au ukitoka nje yake wenyewe. Kundi hili la tatu ndilo la Muldoon na Monroe. Cheyne alibaini pia kwamba kundi hilo halifungamani sana na mengine mawili, na kwamba mara nyingi huandamana na raha badala ya hofu.

Kwa nini kuelea? Mtu aliye macho hujua mahali mwili wake ulipo kwa kuunganisha habari kutoka sehemu kadhaa: macho, ngozi, misuli na kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio. Anapopooza usingizini, misuli haileti habari ya mwendo wowote, lakini sehemu za ubongo zinazohusika na mizani na mwendo zinaendelea kuchangamka kama zinavyofanya ndotoni. Ubongo hupokea tangazo la mwendo lisilothibitishwa na kiungo hata kimoja. Tafsiri inayobaki ni kwamba kuna anayekwenda na kuna aliyelala. Hapo mtu huhisi amekuwa wawili.

Utaratibu wa walimu katika mizani ya maabara

Maelezo hayo yangebaki kuwa dhana tu kama kupooza usingizini kusingeweza kusababishwa kwa makusudi. Mwaka 1992 watafiti wa Japani wakiongozwa na Tomoka Takeuchi walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 16. Nchini humo hali hii ina jina lake la zamani, kanashibari, na inafahamika na takriban kila mtu. Wanafunzi walilala maabara wakiwa wameunganishwa na mashine za kunakili mawimbi ya ubongo na hali ya misuli. Waliamshwa katikati ya usiku, wakawekwa macho kwa saa moja, kisha wakaruhusiwa kulala tena. Usingizi ulikatizwa hivyo mara 64, na kupooza kukatokea mara 6.

Cha kuzingatia ni wakati kulipotokea. Kwa kawaida anayelala hupitia kwanza usingizi mwingine kabla ya kuingia katika usingizi wa ndoto. Katika matukio yote ya kupooza isipokuwa moja, aliyelala aliingia katika usingizi wa ndoto moja kwa moja kutoka hali ya kuwa macho. Mashine zilionyesha misuli imezimwa ilhali mawimbi ya alfa, ambayo ni alama ya mtu aliye macho na ametulia, bado yapo. Yaani alikuwa ndani ya usingizi na nje yake kwa wakati mmoja.

Msomaji alinganishe utaratibu huu na ule wa walimu wa safari za nafsi. Pande zote mbili zinamwamsha mtu katikati ya usiku, zinamweka macho, kisha zinamrudisha kitandani. Walimu huongeza kulala chali, mkao ambao tafiti zimeuhusisha na kupooza usingizini, na huongeza kuilinda akili isizame. Kwa hiyo hawadanganyi wanaposema kwamba njia yao inafaulu. Wamegundua, kwa kujaribu na kurudia, njia ya kumfikisha mtu mahali ambapo kuwa macho na kuota vinapishana. Suala linalobaki ni kama aliyefika hapo hutoka mwilini kwa kweli au huota kwamba ametoka.

Jaribio la tarakimu tano

Suala hilo linaweza kupimwa. Iwapo nafsi inapanda darini na inaona, basi iweze kusoma kitu kilichowekwa mahali ambapo macho ya aliyelala hayafiki. Charles Tart, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, tawi la Davis, alifanya jaribio hilo na kulichapisha mwaka 1968. Mshiriki alikuwa msichana aliyefichwa kwa jina la Bi. Z, ambaye alisema kwamba tangu utotoni alizoea kujikuta akielea usiku juu ya kitanda chake.

Bi. Z alilala maabara usiku mara nne. Kichwani alikuwa na nyaya za kunakili mawimbi ya ubongo, fupi kiasi kwamba asingeweza kusimama bila kuvuruga rekodi. Juu ya kitanda palikuwa na rafu, na juu ya rafu hiyo Tart aliweka karatasi yenye nambari ya tarakimu tano iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Nambari ingeonekana tu na mtu anayetazama kutoka juu. Siku za mwanzo Bi. Z alisema ameelea lakini hakufika mahali pa kuisoma. Usiku wa nne, karibu saa kumi na mbili alfajiri, aliamka akasema kwamba nambari ni 25132. Ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi. Uwezekano wa kukisia tarakimu tano kwa mpangilio wake ni mmoja katika 100,000.

Hapa ndipo wengi wa wanaolisimulia tukio hili huishia. Taarifa ya Tart mwenyewe haikuishia hapo. Juu ya rafu palikuwa na saa ya ukutani. Tart na mwenzake walirudi chumbani kuchunguza kama nambari ingeweza kuakisiwa na kioo cha saa hiyo hadi kwa aliyelala. Katika mwanga hafifu uliokuwepo hawakuona kitu, lakini nambari ilipomulikwa kwa tochi iliweza kusomeka. Tart alikiri kwamba uwezekano huo, pamoja na ule wa udanganyifu, haukuwa umefungwa kikamilifu. Zaidi ya hayo, rekodi ya dakika zile muhimu ilivurugwa na kelele za umeme, ambazo zingeweza kusababishwa na kusogea kwa nyaya. Mwisho, Bi. Z hakulirudia jaribio katika chumba kilichorekebishwa, na matokeo kama yake hayajapata kuthibitishwa katika maabara huru yenye ulinzi wa kutosha.

Haki inadai kwamba jambo jingine litajwe, hata kama linawatatiza wanaotaka jibu jepesi. Mawimbi ya ubongo wa Bi. Z wakati aliposema anaelea hayakuwa ya usingizi wa ndoto. Yalikuwa dhaifu, yenye alfa ya kasi ndogo kuliko yake ya kawaida, na mboni hazikucheza. Alikuwa katika ukingo wa usingizi, wala si katikati yake. Kupooza usingizini, basi, ni mlango mmoja wa tajriba ya kutoka mwilini, lakini si mlango pekee.

Mlango mwingine ulifunguliwa kwa bahati katika hospitali ya Jeneva. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake waliripoti kisa cha mwanamke wa miaka 43 aliyekuwa akitibiwa kifafa. Walipokuwa wakitafuta chanzo cha kifafa hicho kwa elektrodi zilizowekwa juu ya ubongo, waligusa kwa umeme mdogo eneo lililo juu na nyuma ya sikio la kulia, ambapo habari za macho, ngozi na mizani hukutana. Umeme wa miliampia 2 hadi 3 ulimfanya ahisi anazama kitandani au anaanguka kutoka juu. Ulipofika miliampia 3.5 alisema anajiona kutoka juu akiwa amelala, lakini anaona miguu na kiwiliwili cha chini pekee. Alihisi anaelea mita mbili hivi juu ya kitanda. Umeme ulipokatwa, hali iliondoka. Mwanamke huyu hakuwa amelala. Ni kiungo kile kile cha kuuweka mwili mahali pake kilichokoroga hesabu.

Kipimo cha msafiri mwenyewe

Bado msafiri ana haki ya kusema kwamba aliona. Susan Blackmore alilijua hilo kwa nafsi yake. Mwaka 1970, akiwa mwanafunzi wa Oksifodi, amechoka na amevuta bangi, alipatwa na tajriba ndefu ya kuelea nje ya mwili wake na kupita juu ya mapaa ya mji. Baadaye alikwenda kuyatazama mapaa yenyewe mchana. Hayakulingana na aliyoyaona. Alichoruka juu yake ni picha ya mji iliyojengwa na kumbukumbu na ubunifu wake. Alitumia miaka mingi akitafuta ushahidi wa nguvu zilizo nje ya mwili, akachapisha uchunguzi wake juu ya tajriba hizi mwaka 1982, na hatimaye akazieleza kwa misingi ya kisaikolojia.

Kipimo alichokitumia kinamfaa yeyote. Msafiri asijiulize tajriba ilihisika kweli kiasi gani, kwa kuwa maruweruwe huhisika kweli kabisa. Ajiulize kama alileta habari ndogo, mahususi, ambayo hakuijua awali na inayoweza kuhakikiwa na mtu mwingine. Aliyeona chumba chake kilivyo kila siku hajaleta habari. Aliyeona dirisha mahali ambapo pana ukuta ameleta habari, nayo inashuhudia ndoto.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wasafiri wa usiku na wachunguzi wa usingizi hawagombani kuhusu kilichohisiwa. Kuganda, mtetemo, mvumo, kuelea na kujiona ni matukio ya kweli katika fahamu ya anayeyapitia, na njia za kuyaita zinafanana pande zote mbili. Wanapotofautiana ni katika tafsiri, na tafsiri ya kuondoka kwa nafsi ilipowekwa katika mizani ya tarakimu tano haikupata uthibitisho wa kuaminika. Iwapo binadamu ana roho au hana ni swali jingine, ambalo elektrodi haiwezi kulijibu.

Kwa anayekabwa na jinamizi, maarifa haya yana matumizi ya moja kwa moja. Ajue kwamba pumzi haijakatika. Asipambane na mwili mzima, bali aelekeze nia katika kidole kimoja cha mguu au cha mkono, maana wengi husimulia kwamba mtikisiko mdogo huvunja hali yote. Alale ubavu, na ajiwekee saa za kulala zisizobadilika. Akiona kwamba mchana pia hushikwa na usingizi asioweza kuuzuia, au magoti humlegea ghafla anapocheka, hizo zaweza kuwa dalili za ugonjwa wa narkolepsi. Na kama tajriba za kutoka mwilini humjia akiwa macho, zikifuatana na kupoteza fahamu au kutikisika kwa viungo, yawezekana ni kifafa. Katika hali hizo mbili amwone daktari wa neva, jinsi Monroe alivyokwenda kwa daktari kwanza kabla ya kuandika kitabu.